Lango la malipo: hesabu iliyofichwa kwenye sarafu

Lango la malipo ni huduma inayosimama kati ya mteja anayelipa mtandaoni na akaunti ya benki ya mfanyabiashara. Hupokea taarifa za kadi au za simu, huiomba benki ya mteja au kampuni ya simu iidhinishe malipo, kisha hukusanya fedha, hukata ada yake na kumpelekea mfanyabiashara kilichobaki. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na kampuni kama Pesapal, DPO na Paystack. Wenye biashara wengi huchagua kwa kutazama asilimia ya ada peke yake, ilhali mara nyingi hasara kubwa haiko hapo.

Chukua mfano wa nyumba ya wageni huko Lamu inayouza vyumba kwa dola. Mgeni aliye Ujerumani analipa dola 500 kwa kadi. Lango la kwanza linatoza asilimia 3.5, lakini humlipa mwenye nyumba kwa shilingi tu. Lango la pili linatoza asilimia 4, na hupeleka dola zenyewe kwenye akaunti ya dola. Kwa haraka haraka la kwanza ndilo nafuu, kwa kuwa linakata dola 17.50 wakati la pili linakata dola 20.

Sasa tuchukulie kwamba siku hiyo benki ya mwenye nyumba inanunua dola moja kwa shilingi 128.50, na lango la kwanza linaibadilisha kwa shilingi 126. Dola 482.50 zilizobaki kwenye lango la kwanza zinakuwa shilingi 60,795. Dola 480 za lango la pili, zikiuzwa benki, zinaleta shilingi 61,680. Lililoonekana ghali limelipa shilingi 885 zaidi, na tofauti hiyo haikuandikwa popote kwenye orodha ya ada.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Akaunti za dola huwa na gharama zake. Ikiwa kila fedha zinapotumwa hukatwa dola 10, mgeni mmoja anaacha dola 470, yaani shilingi 60,395, na lango la kwanza linashinda kwa shilingi 400. Wakilipa wageni wawili na fedha zao zikatumwa pamoja, lango la pili linapata shilingi 122,075 dhidi ya 121,590. Kwa hiyo jibu linategemea wingi wa wageni kwa kila malipo yanayotumwa. Anayelipa mishahara, umeme na samaki wa sokoni kwa shilingi, tena ana wageni wachache, hana haja ya kuhangaika na akaunti ya dola.

Kiwango cha kubadilishia fedha ni rahisi kukichunguza. Gawanya shilingi zilizoingia benki kwa dola zilizobaki baada ya ada, kisha linganisha na bei ambayo benki ilinunulia dola siku hiyo hiyo. Jaribio la malipo madogo linatosha.

Malipo ya M-Pesa hayana tatizo hilo, maana huanza na kuishia kwa shilingi. Mteja hupata ujumbe kwenye simu, anaingiza namba yake ya siri, na muamala unakamilika. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kadi, hivyo kwa wateja wa ndani ni vyema M-Pesa iwe chaguo la kwanza kwenye ukurasa wa kulipia.

Kuhusu muda, swali la kuuliza ni kama siku zinazotajwa ni za kazi. Fedha zinazofika "baada ya siku mbili" zikilipwa Ijumaa jioni zinaweza kuonekana Jumanne au Jumatano. Malango mengine pia huzuia sehemu ya malipo ya kadi kwa miezi kadhaa, kwa sababu mwenye kadi anaweza kuyapinga kwenye benki yake muda mrefu baada ya kulipa. Malipo yakipingwa, lango hurudisha fedha na kumdai mfanyabiashara, mara nyingi pamoja na faini. Uthibitisho wa ziada unaomtaka mteja aingize namba iliyotumwa kwenye simu yake huhamishia benki iliyotoa kadi sehemu kubwa ya hasara ya kadi zilizoibwa. Lango lisilo nao ni hatari kwa anayepokea wageni wa mbali.

Kabla ya kujiunga, mfanyabiashara aombe majibu ya maandishi kwa maswali manne: fedha zitafika kwa sarafu gani, kwa kiwango cha nani, baada ya siku ngapi za kazi, na je, mgeni akighairi na kurudishiwa fedha, ada ya mwanzo inarudi? Lango lisilotaka kuyaandika halifai.