Mnunuzi Anayepatana Bei Kisha Halipi: Hukumu Yake

Ndugu yetu wa Pemba anayefanya biashara Nyamongo, Tarime, ametuuliza kuhusu pikipiki aliyoitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi 1,800,000. Mtu mmoja alimuuliza maswali siku 4, wakafika 1,650,000, kisha ikawa "kesho, kesho". Sasa amekuja mwengine na 1,700,000 mkononi. Je, anaweza kumuuzia?

Jibu linategemea neno alilomwambia yule wa kwanza.

Ikiwa bado walikuwa wanavutana bei, hapana kizuizi. Kuuliza na kuomba kupunguziwa ni haki ya mnunuzi, na muuzaji naye yuko huru. Ikiwa alisema, "Nakubali, ukija na fedha tutauziana", hiyo ni ahadi, bado si mauzo. Hapa ndipo linapoingia katazo la Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, la mtu kuingilia mapatano ya nduguye. Basi amwambie wa kwanza kwa uwazi: "Nakungoja hadi Alhamisi alasiri, baada ya hapo ninauza." Muda ukipita, yuko huru.

Lakini ikiwa alisema "nimekuuzia" na mwenzake akajibu "nimenunua", hata kwa simu, mauzo yamefungika. Pikipiki ni ya mnunuzi, na bei ni deni. Muuzaji anaweza kuizuia mpaka alipwe, ila asiiuze tena kabla hawajaridhiana kuvunja mauzo. Kwa hiyo tunashauri neno "nimekuuzia" lisitamkwe wala kuandikwa kabla fedha haijaonekana.

Vipi kuhusu arbuni, yaani kianzio kinachopotea mnunuzi akijitoa? Katika madhehebu yetu ya Shafi na kwa wanazuoni wengi haifai. Mahanbali wameiruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliikubali kwa sharti muda wa kungoja uwekwe, na mnunuzi akikamilisha, ihesabiwe ndani ya bei. Anayetaka kutoka katika khitilafu aipokee kama amana, airejeshe mauzo yasipofanyika.

Si kila anayechelewesha ni mchezaji. Nyamongo ni mji wa dhahabu, na mchimbaji mdogo hupata fedha mawe yake yanapouzwa. Anayetaka kununua kweli huuliza pikipiki iko wapi, huomba kuona kadi yake, huja na fundi. Anayerudia "bei ya mwisho ngapi?" bila ya kutaka kuiona, ajibiwe mara moja kwa adabu na aachwe. Bei, hali ya injini na mahali vikiandikwa mapema, na kasoro zikatajwa, maswali hupungua.

Wala muuzaji asimharakishe mtu kwa kusema "yupo aliyefika 1,700,000" ilhali hayupo. Huo ni uongo na udanganyifu katika biashara, na uzembe wa mnunuzi hauuhalalishi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.