Je, Wajua? Riba Nayo Ina Sakafu

Uchumi ukidorora, benki kuu hupunguza riba ili watu wakope, wajenge na waajiri. Japani ilipunguza hadi Februari 1999, riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya mabenki ilipokaribia sifuri. Hapo ikakwama. Ukimkata mwenye akiba badala ya kumlipa, ataona heri atoe noti azifungie kwenye kasha, maana noti haikatwi kitu.

Kibaya zaidi, bei zilikuwa zikishuka. Tuseme umekopa yeni 100 bila riba, na bei zinashuka kwa asilimia 2 kwa mwaka. Mwakani utarudisha yeni 100 zilezile, ilhali duka lako sasa linauza kwa bei ndogo. Itakubidi uuze bidhaa nyingi zaidi kulimaliza deni. Mkopo wa bure umekugharimu karibu asilimia 2! Ndiyo maana wenye viwanda huahirisha kununua mashine hata riba ikiwa sifuri, na mdororo huzidi.

Machi 2001 Benki ya Japani iligeukia kununua hati fungani za serikali kwa wingi. Mwaka 2016 ilishusha riba hadi asilimia 0.1 chini ya sifuri, kwa sehemu tu ya akiba za mabenki, na ikaiacha hapo hadi Machi 2024.