Jumla Limbikizi: Toa, Usijumlishe Upya

Mwenye duka ameuza, kwa maelfu ya shilingi, 4 Jumatatu, kisha 7, 2, 5 na 9. Kila jioni anaandika jumla ya tangu wiki ianze: 4, 11, 13, 18, 27. Ukimuuliza mauzo ya Jumanne hadi Alhamisi, anachukua 18 na kutoa 4 ya Jumatatu: 14. Hata siku zingekuwa milioni, ni kutoa mara moja tu.

Uzuri wenyewe uko kwenye jedwali. Chukua safu tatu: 1 2 3, 4 5 6, 7 8 9. Kila chumba kipe jumla ya vyote kuanzia kona ya juu kushoto: 1 3 6, 5 12 21, 12 27 45. Unataka 5, 6, 8 na 9? Anza na 45, toa 6 ya safu ya juu, toa 12 ya safu wima ya kushoto. Hapo ile 1 ya konani imetolewa mara mbili, basi irudishe: 28. Wengi husahau kuirudisha, wakapata 27.

Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walitambua nyuso kwenye picha kwa njia hii, wakilinganisha mwangaza wa mistatili. Lakini ukibadilisha namba moja, jumla zote zilizo chini na kulia kwake lazima ziandikwe upya.