Kabla binti hajaenda kuonana na mchumba wa mtandaoni

Januari 2024 wasichana wawili waliuawa jijini Nairobi katika vyumba vya kupangisha kwa muda mfupi, ndani ya wiki mbili tu. Januari 27 maelfu ya wanawake waliandamana nchini Kenya kupinga mauaji hayo. Kwa mzazi wa Dar es Salaam, somo kubwa ni kwamba chumba hakifai kuwa mahali pa kuonana kwa mara ya kwanza.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 23 anayeishi Vingunguti. Kwa miezi miwili amekuwa akichati na kijana waliyekutana kwenye programu ya kutafuta wachumba, na sasa wanataka kuonana.

Kwanza, ampigie simu ya video. Mtu anayetoa sababu kila siku, mara kamera mbovu, mara bando limeisha, huenda si yule wa kwenye picha.

Pili, binti ndiye achague mahali na muda. Mgahawa wa Mlimani City, Jumamosi saa 9 alasiri, unafaa: kuna watu na walinzi, na daladala za kurudi bado zipo. Aende kwa nauli yake na awe na ya kurudi. Akikubali kufuatwa nyumbani kwa gari, mgeni atapajua kwao, na kuondoka kutamtegemea yeye.

Tatu, amwachie rafiki ujumbe kama huu: "Nipo Mlimani City na fulani, namba yake na picha hizi hapa. Saa 10 nipigie. Saa 12 nitakuwa nimeondoka." Wakubaliane pia neno la siri. Akisema "mama ameshakunywa dawa?", rafiki ajue anahitaji kutolewa pale.

WhatsApp inaruhusu kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Achague saa 8. Lakini simu ikizimika au bando likiisha, rafiki ataona mahali pa mwisho tu. Ndiyo maana ujumbe ule wa maandishi ni lazima.

Dalili ya kurudi nyumbani ni mabadiliko ya dakika za mwisho: "Nimechoka, njoo hapa nilipofikia, si mbali." Hapo ajibu kuwa wataonana siku nyingine. Mwenye nia njema atasubiri. Na kinywaji alichokiacha mezani akienda msalani, asikirudie.

Saa 12 ikipita bila jibu, rafiki apige simu. Asipopokea, awaambie wazazi na kupiga polisi namba 112, akiwa na jina, picha na namba ya kijana.

Mzazi, mpango huu hufanyika pale tu binti anapoweza kusema anakokwenda. Akijua atagombezwa, ataaga kuwa anakwenda kwa shangazi Buguruni, na siku ya tatizo mtamtafuta huko.