Deni Ulishalipa, CRB Inasema Hujalipa

Nchini Kenya, ukinyimwa mkopo kwa sababu ya CRB, usikimbilie kulipia cheti cha kuonyesha kuwa huna deni. Tafuta kwanza ripoti yenyewe. Una haki ya kupata nakala moja bure kila mwaka kutoka kampuni kama Metropol, TransUnion au Creditinfo. Kila mkopo una mstari wake: nani alikukopesha, salio ni kiasi gani na umechelewa siku ngapi. Ukifikisha siku 90 bila kulipa, mkopo huhesabiwa kuwa mbaya.

Tuseme muuza mitumba mmoja alibakiza shilingi 4,300 za mkopo wa simu. Alizilipa kwa M-Pesa, ila alipoandika nambari ya akaunti alikosea tarakimu moja. Ujumbe wa M-Pesa ulikuja, naye akatulia. Kwa mkopeshaji, pesa hizo zilikaa bila mwenyewe na salio likabaki vilevile. Miezi mitano baadaye ripoti yake inasoma: salio 4,300, siku 150.

CRB haijui lolote kuhusu malipo hayo; huandika tu kile mkopeshaji alichotuma. Ndiyo maana kupiga simu na kulalamika kwamba "nililipa" hakumfikishi mbali. Anachohitaji ni taarifa ya M-Pesa yenye nambari ya muamala, tarehe na kiasi, pamoja na nakala ya kitambulisho na ripoti iliyowekewa alama kwenye mstari wenye kosa. Nakala moja anampelekea mkopeshaji, ili pesa zihamishiwe kwenye akaunti yake. Nyingine anaipeleka CRB kama pingamizi la maandishi, na asiondoke bila nambari ya kumbukumbu.

Wengi huishia kwa mkopeshaji, nao huzungushwa wee. Pingamizi likishaingia CRB, kampuni hiyo inapaswa kuweka alama kwenye ripoti kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, kisha imtake mkopeshaji athibitishe. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, kanuni zinataka taarifa hiyo ifutwe.

Aulize pia kama alitumiwa notisi. Mkopeshaji hutakiwa kumwarifu mteja siku 30 kabla ya kumripoti vibaya, na deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kuripotiwa hivyo kabisa.

Lakini si kila mstari unaoudhi ni kosa. Kama kweli ulichelewa siku 120 ndipo ukalipa, salio litasoma sufuri, ila kule kuchelewa kutabaki kwenye historia yako kwa miaka mitano. Hapo pingamizi halitafua dafu. Kinachoweza kupingwa ni salio lililobaki baada ya kulipa, au mkopo ambao mtu mwingine aliuchukua kwa kitambulisho chako. Huu wa pili uambatanishe na ripoti ya polisi.

Kosa likisharekebishwa, omba ripoti ya kampuni zile nyingine pia. Mkopeshaji hupeleka taarifa kwa kampuni zaidi ya moja, na marekebisho yanaweza kufika kwa moja tu.