Imeli ya kwanza kwa mununuzi wa kahawa musiyemujua

Ndugu wa koperative, kahawa imeoshwa, imekauka, iko mu depo. Munatafuta mununuzi wa Ulaya, munapata adresi yake, kisha munaandika: «Tuko na kahawa nzuri sana, tunatafuta soko na mufazili.» Wiki tatu zinapita, hakuna jibu. Watu wanasema wazungu hawajibu. Lakini ile barua haikumupa mununuzi kitu cha kujibu. Haonyeshwi kilo ngapi, haambiwi lini, tena neno «mufazili» linamufanya afikiri munaomba musaada.

Mbele ya kuandika, angalieni kwanza kahawa ambazo ile kampuni inauzisha. Kama inauzisha kahawa ya Kivu ao ya Rwanda, inajua njia zetu na itaelewa haraka. Kama inanunua robusta tu, musipoteze nguvu.

Tuchukue mufano wa koperative moja ya Kalehe. Iko na kilo 7.200 za kahawa ya parche. Hapa ndipo wengi wanakosea: mununuzi wa Ulaya anahesabu kahawa iliyokwisha kutobolewa, si parche. Kilo 100 za parche zinatoa karibu kilo 80. Kwa hiyo kilo 7.200 zinakuwa kilo 5.760, ni kusema mifuko 96 ya kilo 60. Mukiandika 7.200 bila kusema ni parche, siku ya mukataba mutaonekana waongo, hata kama hamukutaka kudanganya.

Obje ndiyo anasoma wa kwanza, na mara nyingi anasoma ile tu. Musiandike «Ombi la ushirikiano». Andikeni kitu chenyewe. Kisha barua iwe fupi, hivi:

Obje: Arabika ya kuosha, Kalehe (Kivu Kusini), mifuko 96 ya kilo 60

«Bwana, Bibi,
Tunawaandikia kwa sababu munauzisha kahawa ya Kivu. Sisi ni koperative ya wakulima 210 wa Kalehe, na tuko na stasyo yetu ya kuosha.
Tuko na loti moja ya arabika ya kuosha, mavuno ya Machi mpaka Juni, kutoka mashamba ya metre 1.500 mpaka 1.800. Ni mifuko 96 ya kilo 60, unyevu 11 kwa mia. Kahawa iko mu depo yetu, bado mu parche.
Mifuko hii haijazi kontenere. Tunakubali kuiunganisha na loti ingine.
Tunaweza kuwatumia eshantiyo ya gramu 300. Tuitume ku adresi gani?»

Chini mutie jina la mwenye kuandika, kazi yake mu koperative, jina kamili la koperative, mahali ilipo, na telefone.

Muone vile sentensi ya kwanza inasema kwa nini munaandika kwake yeye, si kwa kila mutu. Sentensi ya kontenere nayo iko na kazi. Kontenere ya futi 20 inabeba karibu mifuko 320 ya kilo 60. Mununuzi ataona peke yake kwamba 96 ni kidogo, afazali mumuambie ninyi wenyewe. Na barua inaisha na swali moja rahisi. Kutoa adresi hakumufungi kwa kitu chochote, kwa hiyo anaweza kujibu siku ileile.

Bei, hapana kuitia mu barua ya kwanza. Hajaonja, hawezi kuikubali, na bei ya arabika inabadilika kila siku ku soko la New York. Lakini mukae na hesabu yenu tayari, maana akionja na kupenda ataiuliza palepale. Avansi vilevile, musiombe bado. Mutu asiyewajua, akiombwa feza ku barua ya kwanza, anafikiri ni wezi wa internet. Hata picha kumi zinaweza kuzuia barua kufika. Moja ya stasyo inatosha.

Eshantiyo itoke mu mifuko ileile ya loti, muchote kidogo mu kila mufuko, muchanganye, na kipande mubaki nacho. Mukichagua mbegu nzuri tu, kahawa itakayofika haitafanana na ile aliyoonja, na anaweza kuikatala.

Mununuzi anaelewa Kifaransa ao Kiingereza. Mutu anayejua luga vizuri asome barua mbele itoke. Baada ya siku kumi bila jibu, mukumbushe mara moja, juu ya barua ileile. Akijibu kwa kuuliza kilo ao mavuno, mujue munaiacha ile habari mu barua yenu: muitie mbele ya kuandikia kampuni inayofuata.