Asilimia 27.5 au 5.45? Fomula moja, mahali pawili

Ripoti ya Power BI ya duka moja la jumla inaonyesha faida ya asilimia 27.5 ya mauzo. Mwenye duka akipiga hesabu kwenye daftari anapata asilimia 5.45. Hakuna namba iliyoingizwa vibaya. Kosa liko mahali fomula ilipowekwa.

DAX, lugha ya fomula ambayo Microsoft iliileta pamoja na PowerPivot ya Excel 2010, inampa mtengeneza ripoti njia mbili za kuhifadhi hesabu. Safuwima ya kukokotoa hupigwa mstari kwa mstari wakati data inaposasishwa, na majibu yake yakakaa kwenye jedwali. Kipimo hakihifadhi jibu lolote. Hukokotolewa pale msomaji anapofungua ukurasa au kubofya kichujio.

Tuseme jedwali la Mauzo lina mistari miwili. Sabuni imeuzwa kwa shilingi 1,000 ikaleta faida ya 500. Sukari imeuzwa kwa 99,000 ikaleta faida ya 4,950. Aliyetengeneza ripoti aliongeza safuwima hii:

```
Asilimia = DIVIDE ( Mauzo[Faida], Mauzo[Kiasi] )
```

Sabuni ikapata asilimia 50, sukari 5. Kila mstari uko sahihi. Power BI ikazijumlisha, ikatoa 55. Naye alipoona haileti maana akachagua wastani, ikatoka 27.5. Wastani huo unaipa sabuni ya shilingi 1,000 uzito sawa na sukari ya 99,000. Kipimo hujumlisha kwanza, kisha hugawanya:

```
Kiwango cha Faida =
DIVIDE ( SUM ( Mauzo[Faida] ), SUM ( Mauzo[Kiasi] ) )
```

Hapo 5,450 inagawanywa kwa 100,000, na jibu ni asilimia 5.45. Msomaji akichuja sabuni peke yake, kipimo hichohicho kinampa 50. Kwa hiyo uwiano wowote utakaosomwa kwa jumla, kwa mwezi au kwa tawi, unahitaji kipimo.

Lakini yako mahesabu yanayotoa jibu sahihi kwa njia zote mbili, kama idadi mara bei. Hapo ndipo gharama inapoamua.

Modeli ya Power BI iliyopakia data yake huikalisha yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kila safuwima hubanwa peke yake, na hubanika vizuri ikiwa ina thamani chache zinazojirudia. Tuseme idadi zina thamani 100 tofauti na bei zina 500. Zikizidishwa, safuwima mpya inaweza kufikia hadi thamani 50,000 tofauti, na kwenye jedwali la mamilioni ya mistari ikawa nzito kuliko zile mbili zilizoizaa. Isitoshe, hukokotolewa baada ya safuwima nyingine kupangwa na kubanwa, kwa hiyo haishiriki katika kuchagua mpangilio unaobana vizuri zaidi.

Kipimo hiki hakiongezi safuwima yoyote:

```
Jumla ya Mauzo =
SUMX ( Mauzo, Mauzo[Idadi] * Mauzo[Bei] )
```

Kinachotumika ni prosesa, kila ukurasa unapofunguliwa. Kwa kuzidisha kwa kawaida namna hii, injini husoma data ikiwa imebanwa vilevile na kugawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa, ndiyo maana jibu hutoka haraka.

Mambo hubadilika fomula inapokuwa ngumu. Ukitia ROUND ndani ya SUMX, kwa mfano, sehemu inayosoma data hulazimika kuiita injini ya fomula kwa kila mstari. Programu ya bure ya DAX Studio huonyesha hilo: washa Server Timings, endesha swali, na ukiona neno CallbackDataID, chanzo cha kusuasua huenda ni hicho. Hapo kuhifadhi jibu kwenye safuwima kunaweza kulipa, hasa likitayarishwa mapema kwenye Power Query au hifadhidata yenyewe, kwa kuwa litabanwa pamoja na data nyingine.

Tena, kuna kazi ambayo kipimo hakiwezi kabisa: kuwa orodha ya kichujio au lebo za mhimili wa chati. Duka likitaka kugawa bidhaa kuwa za bei nafuu, wastani na ghali, safuwima haikwepeki. Gharama yake ni ndogo, kwani ina thamani 3 tu. Ila makundi hayo hayatabadilika msomaji anapochuja. Yatabaki yalivyo hadi data isasishwe tena.

Mwenye modeli iliyovimba aanze na View Metrics ndani ya DAX Studio, inayoorodhesha ukubwa wa kila safuwima na hesabu ya thamani zake tofauti. Safuwima ya kukokotoa iliyo juu ya orodha, ambayo ripoti inaijumlisha tu bila kuichuja, ndiyo ya kwanza kujaribiwa kama kipimo. Kabla ya kuifuta, alinganishe majibu ya zote mbili kwenye jumla kuu na kwenye tawi mojamoja, kisha apime muda wa ukurasa kufunguka.